Kukopesha serkali pesa yako: bon ya Trezori inalinda nini, na haiwezi kulinda nini

Kila mara tangazo linapotoka Kinshasa kwamba serkali imetafuta mabilioni ya franga kwa kuuza bon na obligasio za Trezori, swali linarudi lile lile hapa kwetu mashariki: mtu wa kawaida, mwenye dola elfu chache alizoweka pembeni, anaweza kuingia? Na akiingia, pesa yake iko salama kuliko chini ya godoro, kuliko likelemba, kuliko kununua kiwanja?

Swali hili si la mchezo. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1993, siku zaire milioni tatu ziligeuzwa kuwa zaire mpya moja tu. Miaka mitano nyuma yake, mwaka 1998, zaire mpya 100,000 zikawa franga moja ya Kongo. Mtu aliyekuwa ameweka akiba ya maisha yake katika pesa ya nchi alibaki na makaratasi ya kuwashia moto. Ndiyo sababu watu wengi wanaona kwamba akiba ni dola, ng'ombe au nyumba, na yote mengine ni maneno. Hii makala inataka kuonyesha kwamba woga ule una maana, lakini hauelekei mahali pamoja tu. Mwenye kukopesha serkali anaogopa kwanza kwamba serkali haitalipa. Mara nyingi hatari ya kwanza iko penginepo: ni katika aina ya pesa ambayo serkali itatumia kukulipa.

Bon ni nini, obligasio ni nini

Zote mbili ni deni. Wewe unakopesha serkali, serkali inaahidi kurudisha siku fulani. Bon ni deni la muda mfupi, lisilopita mwaka mmoja: miezi mitatu, sita, au kumi na miwili. Obligasio ni deni la muda mrefu zaidi, kuanzia mwaka mmoja na nusu au miwili kwenda mbele, na wakati unangojea, serkali inakulipa faida kwa vipindi vilivyoandikwa kwenye tangazo.

Bon haikulipi faida kwa vipindi. Faida yake inakatwa mwanzoni. Ni kusema unalipa pungufu leo, na siku ya mwisho unapokea hesabu kamili. Tutaiona kwa mfano.

Serkali yetu ilirudi kwenye soko hili mwezi wa Oktoba 2019. Wizara ya Feza ndiyo inayokopa, na Banki Kuu ya Kongo ndiyo inayoendesha mnada. Mnada wenyewe ni wa mabanki. Kila banki inaandika kiasi inachotaka kukopesha na faida inayoomba, serkali inachagua wanaoomba kidogo kwanza, mpaka inafika kiasi inachokubali. Wewe raia hauingii moja kwa moja. Unapita kwenye banki ambapo una konti, unaandika oda, na banki inapeleka jina lako pamoja na za wengine. Hakuna karatasi ya kushika mkononi: bon siku hizi ni maandishi katika mashini, kama vile konti.

Hapa kuna tofauti na majirani. Nchini Kenya, mwananchi anafungua konti yake mwenyewe kwenye Banki Kuu ya nchi na anaweza kununua kupitia simu au kompyuta. Kwetu bado mlango ni banki, na banki nyingi zimezoea kununua kwa ajili yao wenyewe. Usishangae ukifika ku gishe, mhudumu akakutazama kama unauliza bei ya ndege. Omba kuonana na mtu anayeshughulika na Trezori katika banki ile, mara nyingi ofisi yake iko Kinshasa.

Aina tatu, hatari tatu

Kitu ambacho watu wengi hawajui ni kwamba serkali inauza hati za aina tatu, na jina linafanana.

Aina ya kwanza ni hati ya franga tupu. Unaingia na franga, unatoka na franga, kwa faida iliyokubaliwa. Aina ya pili ni hati ya franga iliyofungwa kwenye bei ya dola. Unaingia na unatoka na franga pia, lakini hesabu inafuata bei rasmi ya Banki Kuu: kama dola imepanda, unapewa franga nyingi zaidi. Aina ya tatu ni hati ya dola yenyewe: unaingia na dola, unalipwa dola.

Faida hazilingani, na sababu yake ni rahisi. Hati ya dola katika miaka hii imekuwa ikilipa karibu asilimia 9 kwa mwaka. Hati ya franga tupu imeweza kulipa zaidi ya asilimia 20. Mtu anaona 20 na 9, anachagua 20. Pale ndipo anaweza kuumia. Ile tofauti haiko zawadi ya serkali. Ni malipo kwa yule anayekubali kubeba hatari ya franga kushuka.

Mfano: mama muuza vitenge wa Butembo

Tuchukue mama mmoja wa kufikiria, anauza vitenge sokoni Butembo, ameweka dola 6,000 kwa miaka. Anaacha dola 2,400 kwa ajili ya mali na ugonjwa, kwa sababu pesa ya kazi haifungiwi. Anabaki na dola 3,600. Ili hesabu iwe nyepesi, tuseme dola moja ni franga 2,500. Anabadilisha, anapata franga 9,000,000.

Bon ya miezi sita inauzwa kwa asilimia 20 kwa mwaka. Miezi sita ni nusu ya mwaka, kwa hiyo ni asilimia 10. Kwenye bon ya franga 10,000,000, faida ya 1,000,000 inakatwa mwanzoni. Mama analipa 9,000,000 leo, na baada ya miezi sita konti yake inaingia 10,000,000.

Sasa anataka kurudi kwenye dola, juu mali yake anainunua kwa dola. Kama dola bado ni 2,500, anapata dola 4,000. Amepata faida ya dola 400 kwa nusu mwaka. Kama franga imepata nguvu na dola ni 2,200, anapata dola 4,545. Anacheka.

Lakini kama dola imepanda mpaka 3,000, zile milioni kumi ni dola 3,333 tu. Serkali imelipa yote, siku ile ile, bila kukosa hata franga moja. Na mama amepoteza dola 267.

Mahali pa kugeuka kati ya faida na hasara panajulikana mapema. Chukua franga utakazopokea, gawanya kwa dola ulizoingia nazo: 10,000,000 gawanya kwa 3,600 ni karibu 2,778. Dola ikipita bei hiyo, umepoteza. Ikibaki chini yake, umepata. Hesabu hii ya mstari mmoja uifanye kabla ya kutia sahihi, na utumie bei ambayo kambisti anakuuzia dola, si ile anayokununulia, maana ndiyo utakayolipa siku ya kurudi.

Ongeza hatua moja. Kama mama angeweka dola 3,600 zile zile kwenye hati ya dola ya asilimia 9, nusu mwaka ingempa dola 162, na angekuwa na 3,762. Ukigawanya 10,000,000 kwa 3,762 unapata karibu 2,658. Ni kusema: dola ikipita 2,658, bon ya franga yenye "asilimia 20" imefanya kazi mbaya kuliko hati ya dola yenye "asilimia 9". Kutoka 2,500 hadi 2,658 si mbali. Ni franga 158 tu.

Franga inaweza kufanya nini kwa mwaka mmoja

Je, kushuka kama huko kunatokea kweli? Mwisho wa mwaka 2022, dola ilikuwa karibu franga 2,000. Mwisho wa 2023 ilikuwa karibu 2,670. Aliyekuwa na franga 2,000,000 mwanzoni mwa mwaka, thamani ya dola 1,000, alibaki na thamani ya dola karibu 750. Ili mtu asipoteze mwaka ule, hati ya franga ingepaswa kulipa zaidi ya asilimia 30. Ndiyo sababu mwezi wa Agosti 2023 Banki Kuu ilipandisha kiwango chake kutoka asilimia 11 mpaka 25 kwa mara moja: ilikuwa inajaribu kuwashikilia watu kwenye franga.

Upande mwingine pia upo. Katika mwaka 2025, kuanzia mwezi wa Septemba, franga ilipata nguvu kwa haraka. Dola iliyokuwa zaidi ya 2,800 ilishuka chini ya 2,500 katika muda wa wiki chache, na mwezi wa Oktoba Banki Kuu ikateremsha kiwango chake mpaka asilimia 17.5. Aliyekuwa na bon ya franga wakati ule alipata mara mbili: faida ya bon, na kupanda kwa franga. Aliyeshika dola chini ya godoro aliona bei ya mchele sokoni haishuki sawasawa na dola yake.

Kwa hiyo hatusemi franga ni mbaya siku zote. Tunasema kwamba mwenye kununua bon ya franga, wakati maisha yake yanahesabiwa kwa dola, anacheza mchezo wa bei ya dola, hata kama hajui. Kwa mwalimu au mfanyakazi anayelipa chakula, kodi na shule kwa franga, hesabu ni tofauti kidogo. Kwa mfanyabiashara anayeleta mali kutoka Kampala au Dubai, hatari iko kubwa.

Hati iliyofungwa kwenye dola inaonekana kama jibu la katikati, na mara nyingi ndiyo hivyo. Ila angalia mambo mawili. Hesabu inafuata bei rasmi, na bei ya kambisti wa Butembo au Uvira haiko sawa nayo kila siku. Na uliza banki yako waziwazi: kama franga ikipanda, nitalipwa franga pungufu? Waonyeshe mahali imeandikwa.

Je, serkali inaweza kukosa kulipa?

Inaweza. Watu wanasema "serkali haifilisiki, inachapa pesa." Kwa hati ya franga, maneno hayo yana ukweli nusu: inaweza kuchapa na kukulipa, na wewe utalipwa kwa franga iliyopoteza nguvu. Tumekwisha kuliona tangu miaka ya zaire. Kwa hati ya dola, maneno hayo si kweli hata kidogo. Kinshasa haichapi dola. Inazipata kwa kodi za migodi, kwa mikopo ya nje, na kwa kuuza hati nyingine. Pesa ya kulipa hati za zamani mara nyingi inatoka kwa wanunuzi wa hati mpya. Siku wanunuzi wapya wanakosekana, ndipo shida inaanza.

Mfano wa karibu ni Ghana. Mwezi wa Desemba 2022, serkali ya Ghana iliwaambia wenye obligasio za ndani kwamba watazibadilisha na nyingine mpya: faida ndogo, miaka mingi zaidi ya kungojea. Wastaafu waliokuwa wameweka akiba yao huko walikwenda kusimama mbele ya wizara ya feza na mabango mwanzoni mwa 2023. Lakini kuna jambo moja ambalo mwenye akiba ndogo anapaswa kulishika: bon za muda mfupi ziliachwa nje. Aliyekuwa na bon ya miezi mitatu alilipwa siku yake. Aliyekuwa na obligasio ya miaka saba ndiye aliyeumia.

Haimaanishi kwamba kila serkali itafanya vile vile. Inaonyesha kwamba muda ni hatari yenyewe. Kwa mara ya kwanza, kaa kwenye muda mfupi. Na kwetu kuna sababu nyingine ya kufanya hivyo: karibu hakuna soko la kuuza hati yako kabla ya siku yake. Ukiinunua ya miaka mitatu na mtoto akaugua mwezi wa tano, hautapata kwa urahisi mtu wa kuichukua, na banki ikikubali kuichukua, bei itaipanga yenyewe.

Na kama banki imefunga milango?

Hili ndilo swali ambalo vitabu vya Kinshasa havijibu, na sisi tunaliishi. Vita vilipofika Goma mwisho wa Januari 2025, kisha Bukavu mwezi wa Februari, mabanki yalifunga. Watu waliokuwa na konti zenye pesa walishindwa kupata hata ya kununua unga. Wengine walisafiri mbali, wengine walivuka mpaka.

Bon yako haiko katika jengo la banki. Jengo likiporwa, maandishi yanabaki Kinshasa. Hiyo ni nguvu yake juu ya noti za nyumbani, ambazo zinaungua, zinaibiwa, zinaachwa siku ya kukimbia. Lakini siku ya kulipwa, pesa inaingia kwenye konti yako katika banki ile ile. Kama tawi lako limefungwa, una haki yako lakini hauna pesa mkononi. Haki na pesa ni vitu viwili.

Kwa hiyo mtu wa mashariki anafanya matayarisho ambayo mtu wa Kinshasa hayahitaji sana. Achague banki yenye matawi miji mingine pia, tuseme Beni, Bunia, Kisangani au Lubumbashi, na inayofanya kazi kwa simu. Aandike prokirasio kwa mtu wa kuaminika anayeishi mahali pengine, wakati hali ingali tulivu, si siku ya mizinga. Apige picha ya oda, ya uthibitisho wa ununuzi na ya kitambulisho, na azitume kwa yule mtu. Na zaidi ya yote, pesa ya miezi mitatu ya kula na kukimbia isiingie katika bon hata kidogo. Bon haijui kukimbia.

Unajuaje kwamba umenunua bon kweli

Udanganyifu wa kwanza ni wa barabarani. Serkali haiuzi bon kwa WhatsApp, haina mawakala wa mtaani, na haipokei malipo kwa namba ya simu ya mtu. Anayekuahidi faida ya kila wiki kwa "bon za serkali" ni mwizi, hata kama ana kofia ya wizara.

Jambo la pili si udanganyifu, ni kuchanganya. Unakwenda banki kuomba bon, unatoka na konti ya muda maalum, ile pesa unayoifungia banki kwa miezi sita au mwaka. Hiyo inaweza kuwa kitu kizuri, lakini umekopesha banki, si serkali. Faida inakuwa nyingine, hatari nyingine.

Kwa hiyo karatasi ya banki iseme mambo haya: aina ya hati, kama ni franga tupu, iliyofungwa kwenye dola, au dola, siku ya mnada na siku ya kulipwa, kiasi kamili na kiasi ulicholipa, kiwango cha faida, komisio ya banki, na kwamba imeandikwa kwa jina lako. Kisha linganisha na tangazo. Baada ya kila mnada, matokeo yanatangazwa: kiasi kilichotafutwa, kilichopatikana, muda, na kiwango. Kama karatasi yako inasema bon ya miezi sita ya tarehe fulani, na tangazo la tarehe ile halina bon ya miezi sita, rudi ukaulize siku hiyo hiyo.

Komisio usiidharau. Kwenye mfano wetu, hati ya dola inalipa 162 kwa nusu mwaka. Banki ikikata dola 40 za kufungua, kushika na kulipa, robo ya faida imekwenda. Kwa akiba ndogo, komisio peke yake inaweza kuifanya kazi yote isiwe na maana. Na kila kipande cha hati kina bei yake ya chini iliyoandikwa kwenye tangazo. Mwenye dola 50 hataingia peke yake. Huyo, AVEC ya kijijini inayohesabu sanduku mbele ya wote bado inamfaa zaidi.

Yule mama wa Butembo afanye nini basi? Kama mali yake ni ya dola, hati ya dola au iliyofungwa kwenye dola, ya muda mfupi kuliko zote anazopata, na kwa nusu tu ya zile 3,600. Aone kwanza kama pesa inarudi siku iliyoandikwa, kwenye konti anayoweza kuifikia. Ikirudi, hapo ndipo aamue juu ya nusu ya pili.